Fleti 24, lifti moja, akiba 310,000: kila nyumba itoe ngapi kwa mwezi?

#1 Mwenyekiti_Kileleshwa
Wadau, hamjambo. Jengo letu liko Kileleshwa, Nairobi, ghorofa sita, fleti 24, lilikamilika 2013. Lina lifti moja, paa bapa la zege lililofunikwa karatasi ya lami, na kisima chenye pampu ya kuzamishwa. Kuna pia pampu mbili ndogo za kusukuma maji kutoka tangi la chini kwenda juu. Miaka yote hii tumelipa ada ya huduma tu: walinzi, taka, stima ya ngazini na sevisi ya lifti. Kwenye akaunti ya akiba kuna shilingi 310,000.

Mkutano mkuu uko karibu. Mweka hazina anapendekeza kila nyumba iongeze 500 kwa mwezi kwa ajili ya kubadilisha mitambo ikifika mwisho. Mama mmoja wa ghorofa ya nne anasema ikiwa chini ya 3,000 tunajidanganya. Hakuna kati yao aliyeonyesha hesabu. Nataka kuingia mkutanoni na nambari ninayoweza kuitetea. Nyinyi mmefanyaje?

#2 Mzee_wa_Ngara
500 inatosha. Sisi hapa hatuna hata hiyo. Kitu kikiharibika tunaitana, tunagawanya gharama, kesho yake fundi yuko kazini. Kwa nini pesa yangu ilale benki miaka 10 ikingojea lifti ambayo huenda nitakuwa nimeshahama?

#3 Mkadiriaji
Mwenyekiti, bila bei na umri wa kila kitu hakuna atakayekusaidia. Tupe mambo mawili kwa kila kimoja: kubadilisha leo kutagharimu ngapi, na kimebakiza miaka mingapi. Bei iwe ya kazi nzima. Watu wengi huleta bei ya kifaa peke yake kisha wanashangaa.

@Mzee_wa_Ngara, jengo lenu lina lifti?

#4 Mzee_wa_Ngara
Halina. Ghorofa nne, tunapanda kwa miguu na tuna afya njema.

#5 Mwenyekiti_Kileleshwa
Nimezungumza na mafundi watatu na mkaguzi mmoja. Hizi ni bei za leo.

Lifti nzima mpya ni milioni 4.2. Ya sasa ina miaka 12, na wanasema tukiitunza itaenda miaka 10 zaidi.
Karatasi ya lami juu ya paa, mita za mraba 380 kwa 2,500 kila mita, ni 950,000. Mkaguzi ameipa miaka 3.
Pampu ya kisima, pamoja na kuitoa na kuirudisha, ni 600,000. Ya kwanza ilidumu miaka 7, hii ina miaka 5, kwa hiyo naipa 2.
Pampu mbili ndogo ni 240,000 zote. Zilibadilishwa 2022, naona zimebakiza kama miaka 5.

#6 Mpangaji_Pangani
Samahani jamani, mimi ni mpangaji. Hii ina maana kodi yangu itapanda? Landilodi wetu tayari anatudai 2,500 ya huduma kila mwezi na lifti haifanyi kazi tangu Machi.

#7 Mama_Baraka
Ndugu yangu wa Pangani, hapa wanaozungumza ni wenye nyumba kati yao. Akiba ya kubadilisha lifti ni mzigo wa mwenye fleti, kwa sababu mali inabaki kuwa yake. Soma mkataba wako. Ukikuta unalipia huduma, unalipia ulinzi, usafi na stima. Akitaka kukuongezea kwa sababu ya paa jipya, hilo mjadiliane mkataba ukifika mwisho. Lifti iliyosimama tangu Machi ni habari nyingine, na hiyo muulize kwa maandishi.

#8 Rehema_Hesabu
Mwenyekiti, hii ni hesabu ya darasa la saba. Chukua bei, gawanya kwa umri wote wa kifaa. Lifti ni milioni 4.2 kwa miaka 22, kama 191,000 kwa mwaka. Paa 950,000 kwa miaka 15, kama 63,000. Pampu ya kisima 600,000 kwa 7, kama 86,000. Pampu ndogo 240,000 kwa 8, yaani 30,000. Jumla ni 370,000 kwa mwaka. Gawanya kwa nyumba 24 na miezi 12, unapata kama 1,285. Mweka hazina yuko chini, mama wa ghorofa ya nne yuko juu. Kazi imeisha.

#9 Mwenyekiti_Kileleshwa
Asante Rehema. 1,285 naweza kuisimamia, haitishi watu.

#10 Mkadiriaji
Subiri kwanza, Mwenyekiti. Hesabu ya Rehema ni sahihi kwa jengo lililoanza kuweka akiba siku lilipofunguliwa. Lenu lina miaka 12 ambayo hakuna aliyeweka. Lifti imeshakula miaka 12 kati ya 22, na pesa ya hiyo miaka haipo. Inabidi iingie katika hii 10 iliyobaki.

Pima kwa kufuata mwaka kwa mwaka. Mnaanza na 310,000 na mnaingiza 370,000 kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa 2 mna 1,050,000, pampu inachukua 600,000, mnabaki na 450,000. Mwaka wa 3 mnafika 820,000 na paa linataka 950,000. Tayari mmepungukiwa 130,000. Ukiendelea hivyo hadi mwaka wa 10, pamoja na pampu ya kisima mara ya pili mwaka wa 9, pengo siku ya lifti ni kama milioni 2.58. Hiyo ni zaidi ya 107,000 kwa kila nyumba, siku moja.

Sasa 500 ya mweka hazina. Ni 144,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2 mna 598,000 na pampu ni 600,000, kwa hiyo hata pampu ya kwanza hamuimalizi. Mwaka wa 3 paa linawakuta na pengo la 808,000. Mwaka wa 10 pengo ni milioni 4.84, zaidi ya 200,000 kila nyumba.

Geuza hesabu. Jumlisha yote yatakayodaiwa ndani ya miaka 10: lifti 4.2, paa 0.95, pampu ya kisima mara mbili 1.2, pampu ndogo 0.24. Ni milioni 6.59. Toa 310,000 mlizonazo, inabaki 6.28. Kwa mwaka ni 628,000, na kwa nyumba kwa mwezi ni kama 2,180.

Kisha rudia ule mtihani wa mwaka kwa mwaka. Baada ya pampu mna 966,000, baada ya paa 644,000, mwaka wa 5 baada ya pampu ndogo mna milioni 1.66, mwaka wa 9 baada ya pampu ya pili mna milioni 3.57, na mwaka wa 10 lifti inalipwa na akaunti inabaki na sifuri. Hakuna mwaka inaposhuka chini. Hilo ndilo la kuangalia, kwa sababu jumla ya miaka 10 inaweza kutosha kabisa na bado mwaka wa 3 mkakwama.

#11 Rehema_Hesabu
Sawa, hoja ya miaka iliyopotea nimeielewa. Lakini na wewe umetumia bei za leo. Lifti ya miaka 10 ijayo haitakuwa milioni 4.2. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka hiyo ni milioni 7.5. Hesabu yako nayo ina shimo.

#12 Mkadiriaji
Swali zuri, na nilikuwa naelekea huko. Pesa nayo hailali bure, inazaa riba. Riba baada ya kodi ikikaribiana na kupanda kwa bei, vitu viwili hivyo vinafutana, na unaweza kufanya kazi kwa bei za leo bila kuumiza kichwa. Ila kuna sharti moja ambalo watu husahau: mchango wenyewe lazima upande kila mwaka kwa kiwango hicho hicho. 2,180 mwaka huu, kama 2,310 mwaka ujao, 2,450 unaofuata, na mwaka wa 10 utakuwa karibu 3,680. Mkiuacha 2,180 miaka yote, mtapungukiwa. Kwa hiyo azimio la mkutano liseme tangu mwanzo kwamba unapanda kila Januari, msije mkapigana upya kila mwaka.

#13 Mama_Baraka
Na riba yenyewe msiitegemee sana. Hati za serikali za siku 91 zilipita asilimia 15 mwaka 2024, na mwaka 2025 zikashuka hadi karibu 8. Hapo kodi ya asilimia 15 ya riba bado haijakatwa, kwa hiyo 8 inabaki kama 6.8. Atakayepanga miaka 10 kwa riba ya 2024 atalia.

#14 Kijana_Donholm
Na lifti inauzwa kwa dola! Mnasema asilimia 6 kwa mwaka, lakini Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikarudi kama 129. Jengo lililolipia lifti Januari ile na jengo lililolipia Juni yalinunua kitu kimoja kwa bei mbili tofauti kabisa. Hamna asilimia inayoweza kubeba hilo.

#15 Mkadiriaji
Kweli. Ndiyo maana ile sifuri ya mwaka wa 10 isiwafurahishe. Mimi huweka kiasi cha chini ambacho akaunti haishuki kamwe, hata baada ya malipo makubwa. Kwa jengo kama hili ningesema 500,000. Hilo linaongeza kama 174 kwa mwezi kwa nyumba. Wengine wataona ni nyingi, ila dola ikiruka mwaka mbaya mtapata muda wa kupumua.

#16 Mzee_wa_Ngara
Tumetoka 500 tumefika 2,354, na kwenye mkutano bado hatujafika. Kesho mtafika 5,000.

#17 FundiPampu_Ruaka
Mimi naona mmekubali jambo moja haraka sana. Mwenyekiti anasema pampu ya kwanza ilidumu miaka 7, kwa hiyo hii nayo itadumu 7. Ilikufa kwa nini? Nimetoa pampu visimani Nairobi kwa muda mrefu. Nyingine nimezitoa na miaka 12 bado nzima, nyingine hazikumaliza miaka 3. Sababu ya kifo ndiyo inayosema miaka.

Maswali: kisima kina urefu gani, pampu imening'inia mita ngapi, na maji yako wapi pampu ikiwa imezimwa na ikiwa inafanya kazi?

#18 Mwenyekiti_Kileleshwa
Kisima ni mita 240. Pampu iko mita 190. Karatasi ya mchimbaji ya 2013 inasema maji yakitulia yako mita 128, na pampu ikifanya kazi yanashuka hadi 151. Hakuna aliyepima tena tangu hapo. Pampu ya zamani ilipotolewa tuliambiwa mota imeungua, basi.

#19 FundiPampu_Ruaka
Mimi nashuku maji. Maji ya chini ya ardhi Nairobi yamekuwa yakishuka miaka mingi kwa sababu ya visima vingi, na upande wenu kila jengo jipya linachimba chake. Kama maji yametelemka mita 30 tangu 2013, pampu ikifanya kazi yanafika 181, na pampu iko 190. Hapo ni mita 9 tu juu yake. Msimu wa kiangazi itaanza kuvuta hewa, na mota ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Maji yakikosekana inapika.

Pimeni sasa. Zima pampu usiku kucha, asubuhi teremsha kipimo, andika. Washa, iache ifanye kazi kwa muda wa saa 3 au 4, pima tena, andika. Fanya hivyo kila mwaka. Mkikuta maji yameshuka, ile 600,000 haitoshi, maana mtahitaji bomba zaidi, waya mrefu zaidi na pampu yenye nguvu ya kuinua juu zaidi.

#20 Fundi_Stima
Fundi Ruaka, kila kitu kwako ni maji. Mota nyingi za kisima nilizoona Nairobi zimeuawa na stima. Fezi moja inapotea usiku, mota inaendelea kuvuta kwa mbili zilizobaki, inaungua kabla keateka hajaamka. Ukifungua mota unaona koili za upande mmoja zimekuwa nyeusi na nyingine safi kabisa. Kifaa cha kuzima pampu fezi ikikosekana kinagharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na pampu. Mwenyekiti, ubao wenu unacho?

#21 Mwenyekiti_Kileleshwa
Sijui. Nitamuuliza keateka kesho.

#22 Mama_Baraka
Kwetu Lang'ata haikuwa maji wala stima. Ilikuwa mchanga. Maji yalianza kutoka na ukungu wa kahawia asubuhi, na tangi lililojaa kwa saa 4 likaanza kuchukua 7. Pampu ilipotolewa, magurudumu yake ya ndani yalikuwa yamelika kama yamepigwa tupa, na mota ilikuwa nzima. Tukasafisha kisima kwa hewa kabla ya kuweka mpya. Bila hivyo mpya nayo ingeliwa.

#23 FundiPampu_Ruaka
Mchanga upo, sikatai, na stima ipo. Ila mota iliyoungua koili zote sawasawa, na beringi zimebadilika rangi, hiyo ni joto. Pampu ya zamani iko wapi tuiangalie?

#24 Mwenyekiti_Kileleshwa
Iliuzwa chuma chakavu.

#25 Fundi_Stima
Basi hamtajua kamwe. Safari ijayo kamati isimame hapo mota inapofunguliwa, ipige picha, ihifadhi. Wakati huo huo andikeni ampea za kila fezi mara moja kwa mwezi. Tatu zikitofautiana sana, stima ina shida. Zote zikishuka pamoja na maji yakapungua, pampu imechakaa au maji yametelemka.

#26 Dada_wa_Lifti
Naingia kwa sababu milioni 4.2 inabeba mpango wote na hakuna aliyeihoji. Nimefanya kazi ya lifti muda mrefu. Lifti ya ghorofa sita yenye miaka 22 mara nyingi haihitaji kung'olewa yote. Reli za kuongoza, fremu na uzani wa kusawazisha hubaki. Kinachobadilishwa ni bodi ya kuendeshea, mota, kamba, mitambo ya milango na vitufe. Kwa jengo kama lenu hiyo inaweza kuwa kama milioni 2.6.

Ukiweka 2.6 badala ya 4.2 kwenye hesabu ya Mkadiriaji, mahitaji ya miaka 10 yanashuka hadi 4.68 baada ya kutoa akiba, na mchango unakuwa kama 1,625. Mwaka wa 3 baada ya paa mnabaki na 164,000 tu, lakini hamshuki chini ya sifuri.

#27 Mkadiriaji
Dada, nakubali kwamba inawezekana. Ninachoogopa ni kupanga kwa bei ya chini kisha mtu aseme reli zimepinda au kampuni haitengenezi tena vipuri vya aina hiyo.

#28 Dada_wa_Lifti
Hapo ndipo pa kuchunguza mapema, msingoje mwaka wa 10. Chukua ripoti za mkaguzi wa lifti, zile za kila miezi 6, za miaka 3 iliyopita. Soma kamba zimesemwaje, breki, na kitu gani kinajirudia. Kisha muulize anayewafanyia sevisi swali moja kwa maandishi: bodi ya kuendeshea bado inatengenezwa? Lifti nyingi huzeeka kwa sababu ya bodi, chuma chake kikiwa bado kizima. Na mkibadilisha, msikubali bodi inayofunguliwa kwa nywila ya kampuni moja tu. Mtakuwa mateka wao miaka 20, na bei ya sevisi watapanga wao.

Jambo la pili: kamba huchakaa kabla ya lifti. Mwenyekiti hakuziweka kwenye orodha. Za kwenu zina miaka 12, muulize mkaguzi kama zitafika mwaka wa 10. Sidhani.

#29 Mwenyekiti_Kileleshwa
Asante Dada. Ripoti ziko kwa ajenti, nitazidai wiki hii.

#30 Bibi_wa_Chini
Wanangu, mimi naishi fleti ya chini kabisa, si Kileleshwa ila jengo linafanana. Sijapanda lifti mwaka mzima. Kwa nini nilipe sawa na wa ghorofa ya sita?

#31 Kijana_Donholm
Shikamoo bibi. Na wa ghorofa ya sita naye aseme paa linamkinga yeye tu, hivyo wewe usilipe paa? Tukianza hivyo kila mtu atakuwa na mitambo yake.

#32 Mama_Baraka
Shikamoo bibi. Kijana amejibu kwa haraka, ila sheria iko upande wake kidogo. Sheria ya umiliki wa fleti ya 2020 inagawa michango kwa sehemu ya kila fleti katika jengo zima, kama ilivyoandikwa kwenye plani iliyosajiliwa. Haigawi kwa nani anatumia nini. Lifti, paa na kisima ni mali ya wote. Kwa hiyo hata zile 2,180 sawa kwa kila nyumba si sahihi kama fleti hazilingani ukubwa. Mwenyekiti, zinalingana?

#33 Mwenyekiti_Kileleshwa
Hazilingani. 12 ni vyumba viwili, mita za mraba 85. 12 ni vyumba vitatu, mita 125. Lakini hatujabadilisha hati kwenda mfumo mpya. Bado tuko na kampuni ya usimamizi ya zamani, kila mmoja ana hisa moja.

#34 Mkadiriaji
Kwa ukubwa, fleti ndogo ingelipa kama 1,765 na kubwa kama 2,596, jumla ikiwa ile ile. Kama bado mko kwenye kampuni, someni mkataba wenu wa fleti unasema mchango unagawanywaje. Mingine inasema sawa kwa sawa. Msibadilishe kwa kura ya mikono mkutanoni kabla ya kuusoma, mtu mmoja akienda mahakamani atawasimamisha.

#35 Bibi_wa_Chini
Nimeelewa, ingawa sijaridhika. Siku ya kuuza nitarudishiwa nilichoweka?

#36 Mama_Baraka
Hapana bibi. Kinabaki na jengo. Ila mnunuzi akiuliza akiba ikoje na ukamwonyesha milioni 2, hiyo imo kwenye bei ya fleti yako. Mimi siku hizi nikienda kuangalia nyumba naomba taarifa ya benki ya jengo kabla ya kuangalia jikoni.

#37 Mzee_wa_Ngara
Nani atakayeshika hiyo milioni 2? Semeni ukweli. Jengo moja ninalolijua ajenti alikuwa na akaunti moja ya kila kitu. Miezi miwili watu hawakulipa huduma, akalipa walinzi kwa pesa ya paa. Hakuiba hata shilingi, lakini mvua ilipokuja paa halikuwa na kitu. Hii ndiyo sababu mimi napendelea kuitana.

#38 Mkadiriaji
Mzee, hapo umegusa pazito. Akaunti iwe tofauti kabisa, kwa jina la kampuni au shirika la wamiliki na namba yake ya kodi, isiwe kwa jina la ajenti. Watia sahihi watatu, wawili lazima. Ajenti aone salio, asiweze kutoa. Na kila robo mwaka taarifa ya benki ibandikwe kwenye kundi la wamiliki. Pesa ya miaka miwili ijayo ikae mahali pa kutoka haraka, kama mfuko wa soko la fedha. Ile ya lifti inaweza kwenda hati za serikali za siku 364 na kuendelea.

#39 Kijana_Donholm
Au mkopeshe wamiliki kwa riba ya asilimia 12 kama chama. Inazaa zaidi.

#40 Mama_Baraka
Hapana, hapana. Siku pampu imekufa unamwambia nani arudishe? Jirani yako?

#41 Fundi_wa_Paa
Nimechelewa, lakini paa ndilo la mwaka wa 3 na limepita kimya kimya. 2,500 kwa mita, je, imehesabu kuondoa ile ya zamani? Na juu ya paa kuna nini? Nairobi nzima kuna vipasha maji vya sola, matangi na dishi za televisheni juu ya paa. Ili kuweka karatasi mpya lazima stendi zote zinyanyuliwe, mabomba yafunguliwe, kisha yarudishwe. Nimeona kazi ya 900,000 ikawa milioni 1.3 kwa sababu hiyo peke yake.

Na hata hiyo miaka 3 ichunguze. Panda siku mbili baada ya mvua kubwa. Ukikuta maji bado yametuama, mteremko ni mbaya na karatasi mpya nayo itaoza hapo hapo. Angalia viungo kama vinanyanyuka pembeni, na kama kuna malengelenge. Kisha angalia kila mahali fundi wa dishi alipopiga skrubu.

#42 Mwenyekiti_Kileleshwa
Kuna vipasha maji 14 juu. Bei niliyopewa haikuvitaja hata kidogo.

#43 Fundi_wa_Paa
Basi bei yako haijakamilika. Omba nyingine tatu, na zote zitaje vipasha maji kwa idadi.

#44 Rehema_Hesabu
Tukisema paa ni milioni 1.3, mahitaji yanapanda 350,000, yaani kama 122 zaidi kwa mwezi kwa nyumba ukigawa kwa miaka 10. Lakini nimefuata njia ya Mkadiriaji mwaka kwa mwaka. Kwa mpango wa Dada wa 1,625, mwaka wa 3 zile 164,000 zinageuka kuwa pengo la 186,000. Kwa hiyo bei ya chini ya lifti inawapa unafuu mwaka wa 10 na kuwaangusha mwaka wa 3. Ama mnaanza juu miaka 3 ya kwanza kisha mnashuka, ama mnachanga mara moja kwa ajili ya paa.

#45 Mzee_wa_Ngara
Kuitana huko! Nilisema tangu #2.

#46 Mkadiriaji
Mzee, kuitana kwa 186,000 nyumba 24 ni kama 7,750 kila moja, mara moja, na tarehe inajulikana miaka 3 kabla. Hilo hata mimi nalikubali. Ninalopinga ni kuitana kwa 200,000 kila mmoja lifti ikiwa imeshasimama na mgonjwa yuko ghorofa ya tano.

#47 Mama_Baraka
Mmesahau kitu kimoja: hesabu zote hizi zinadhani nyumba 24 zinalipa. Mwenyekiti, wangapi hawalipi ada ya huduma sasa hivi?

#48 Mwenyekiti_Kileleshwa
Wanne wako nyuma zaidi ya miezi 6. Wawili wako nje ya nchi.

#49 Mama_Baraka
Wakibaki hivyo wanne, 628,000 yako inakuwa kama 523,000. Kwa miaka 10 ni pengo la zaidi ya milioni moja, robo ya lifti. Mkutano uanze na hao wanne kabla ya kubishana kama ni 1,625 au 2,180.

#50 Mwenyekiti_Kileleshwa
Nashukuru wote. Hadi siku ya mkutano nina kazi nne: kupima maji ya kisima, ripoti za lifti na swali la bodi, bei mpya za paa zenye vipasha maji, na barua kwa hao wanne. Nikipata vipimo vya kisima nitaviweka hapa, Fundi Ruaka na Fundi Stima muendelee kubishana mkiwa na nambari.

#51 FundiPampu_Ruaka
Viweke na saa uliyopima, na ilichukua muda gani maji kurudi juu baada ya kuzima. Hiyo nayo inasema mengi.

#52 Fundi_Stima
Na ampea za fezi zote tatu!